Spazimu za watoto wachanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu prednisoloni ya dozi kubwa na vigabatrini

Maswali haya ni yale ambayo wazazi na wahudumu wa afya wa Mtwara na Lindi huyarudia mara nyingi zaidi, hasa katika wiki mbili za kwanza za matibabu. Dozi zilizotajwa zinamsaidia mzazi kuelewa alichoandikiwa na kukitimiza nyumbani. Uamuzi wa kuanza, kuongeza au kuacha dawa hubaki kwa daktari aliyempima mtoto.

## Ugonjwa wenyewe

Spazimu hizi zina tofauti gani na degedege tunalolijua?

Degedege la homa humpata mtoto mwenye joto kali, mara nyingi baada ya umri wa miezi 6, naye hukakamaa na kutetemeka mwili mzima kwa dakika kadhaa. Spazimu ni kitu kingine. Mtoto, kwa kawaida mwenye umri wa miezi 3 hadi 12, hujikunja ghafla kwa sekunde moja au mbili: kichwa huinama, mikono hutupwa mbele au pembeni, na magoti hupanda tumboni. Kisha hulegea, na baada ya sekunde chache hujikunja tena, na tena, kwa mfululizo unaoweza kufika mara kadhaa au makumi kadhaa. Mfululizo huo huja zaidi mtoto anapoamka. Homa haipo.

Kwa kuwa mtoto hulia katikati ya mfululizo, watu wengi hudhani ni tumbo au mchango, na wengine husema anashtuka tu. Kinachotenganisha ni kujirudia kwa mwendo uleule kwa vipindi vinavyokaribia kulingana, pamoja na mabadiliko ya tabia: mtoto aliyekuwa akitabasamu na kufuata sura ya mama kwa macho anaanza kupoteza uwezo huo. Rekodi video ya mfululizo mzima kwa simu. Video hiyo mara nyingi humsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

Kwa nini daktari alisisitiza tuanze dawa ndani ya siku chache?

Kwa sababu katikati ya mfululizo mmoja na mwingine umeme wa ubongo nao hauko sawa. Kwa watoto wengi mawimbi yake huwa makubwa na yamevurugika bila mpangilio, hali inayoitwa hipsaritmia, na vurugu hiyo huzuia ubongo kujifunza katika miezi ambayo ulipaswa kujifunza zaidi. Kadiri muda kati ya spazimu ya kwanza na matibabu sahihi unavyorefuka, ndivyo maendeleo ya baadaye ya mtoto yanavyoelekea kuwa duni. Ikiwa familia inataka pia kwenda kwa mganga au kufanya kisomo, hilo lisichukue nafasi ya dawa wala lisizisogeze mbele siku za kuanza.

Mtoto tayari anatumia fenobabitoni. Haitoshi?

Haitoshi kwa spazimu. Fenobabitoni husaidia aina nyingine za kifafa, lakini spazimu mara nyingi huendelea nayo, na karbamazepini inaweza hata kuzizidisha. Hata hivyo, usiisimamishe fenobabitoni ghafla kwa uamuzi wako, kwa sababu kuikatiza kunaweza kuleta kifafa kikali. Mweleze daktari dozi na tarehe ya kuanza, naye atapanga namna ya kuipunguza.

## Kabla ya dozi ya kwanza

Mtoto apimwe nini kabla ya kupewa steroidi?

Prednisoloni ni steroidi, na steroidi ya dozi kubwa hupunguza kinga, kwa hiyo swali la kwanza ni kama mtoto ana maambukizi yaliyojificha. Katika mikoa yetu hilo lina maana ya kipimo cha malaria hata kama hana homa, kujua hali ya virusi vya Ukimwi ya mama na mtoto, na kuuliza bila haya kama kuna mtu nyumbani anayekohoa kwa wiki kadhaa au anayetumia dawa za kifua kikuu. Mtoto hupimwa uzito, shinikizo la damu kwa mkanda mdogo unaolingana na mkono wake, na sukari.

Ngozi yake yote itazamwe pia, ikiwezekana akiwa uchi kwenye mwanga wa kutosha. Mabaka meupe yenye umbo la jani jembamba, hasa yakiwa zaidi ya mawili, yanaweza kuashiria ugonjwa wa kurithi uitwao tiubarasi sklerosisi, ambao hubadilisha chaguo la dawa ya kwanza. Tazama swali la lini vigabatrini hutangulizwa.

Kipimo cha umeme wa ubongo hakipatikani karibu. Tusubiri?

Kipimo hiki, ambacho kwenye fomu ya rufaa huandikwa EEG, ni muhimu, na ni vizuri kirekodiwe mtoto akiwa macho na akiwa usingizini, kwa kuwa vurugu huonekana zaidi usingizini. Uliza kwanza kama kinaweza kufanyika Ligula, Sokoine, Ndanda, Nyangao au Hospitali ya Kanda ya Kusini kabla ya kufikiria safari ya Muhimbili. Lakini ikiwa foleni au nauli itachukua wiki kadhaa, na daktari ameona mfululizo kwa macho yake au kwenye video isiyoacha shaka, kwa maoni yangu ni bora dawa ianze na kipimo kifuate. Wiki tatu za kusubiri karatasi ni hasara kubwa kuliko kuanza bila karatasi hiyo.

## Dozi ya prednisoloni

Dozi kubwa ni kiasi gani hasa?

Mpangilio unaotumika sana unatokana na utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2004, uliohusisha watoto 107 wenye umri wa miezi 2 hadi 12. Mtoto hupewa miligramu 10 mara nne kwa siku, yaani miligramu 40, kwa siku 14. Ikiwa spazimu bado zipo baada ya wiki ya kwanza, dozi hupandishwa hadi miligramu 20 mara tatu kwa siku, yaani miligramu 60, mpaka siku ya 14. Kisha hupunguzwa taratibu kwa siku 15.

Kwa kidonge cha miligramu 5, dozi ya kuanzia ni vidonge 2 kila baada ya saa sita, jumla vidonge 8 kwa siku. Dozi iliyopandishwa ni vidonge 4 mara tatu, jumla 12. Mpangilio huu haukokotolewi kwa kilo, na ndiyo maana watoto wawili wenye uzito tofauti wanaweza kupewa kiasi kilekile. Mtoto mdogo sana au mwenye utapiamlo huhitaji hesabu ya pekee ya daktari.

Muuza dawa amesema dozi hii imekosewa, akatupa nusu. Tufanye nini?

Hili hutokea mara kwa mara, na muuza dawa hana nia mbaya. Yeye amezoea prednisoloni ya pumu, ambayo ni miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo kwa siku. Mtoto wa kilo 7 hapo angepata miligramu 14 kwa siku kwa wingi, ilhali cheti kinasema 40. Bila maelezo, kinaonekana kama kosa la kalamu.

Nusu dozi, hata hivyo, haileti nusu ya matokeo. Katika utafiti mdogo wa Marekani wa mwaka 1996, prednisoni ya miligramu 2 kwa kilo iliwasaidia watoto 4 kati ya 14, ilhali sindano ya homoni ya dozi kubwa iliwasaidia 13 kati ya 15. Mtoto aliyepewa dozi ndogo hupata madhara ya steroidi na kupoteza wiki mbili, kisha huandikiwa kuwa dawa imemshinda ilhali hajaipata. Mwombe daktari aandike kwenye cheti maneno haya: "spazimu za watoto wachanga, dozi kubwa kwa makusudi", pamoja na namba ya simu ya kliniki.

Nitampaje mtoto vidonge, na akitapika?

Saga vidonge kati ya vijiko viwili, changanya na maziwa ya mama yaliyokamuliwa au uji kidogo sana, kiasi cha kijiko kimoja au viwili, kisha umpe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ukielekeza pembeni mwa shavu. Dawa ni chungu, kwa hiyo usiichanganye na kikombe kizima, kwa sababu akikataa nusu hutajua amekunywa kiasi gani. Asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka 1. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi mara moja. Akitapika kila dozi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Je, kuna mfano wa jinsi siku 14 zinavyokwenda?

Tuchukue mtoto wa miezi 6, mwenye kilo 7, kutoka Newala. Kabla ya dawa alikuwa na mifululizo sita kwa siku, mwingi zaidi ukiwa wa alfajiri. Malaria haikuonekana, sukari na shinikizo la damu vilikuwa sawa, na ngozi haikuwa na mabaka. Siku ya 1 alianza vidonge 8.

Siku ya 4 mifululizo ilibaki miwili, na siku ya 7 bado ulikuwepo mmoja, mfupi, anapoamka. Nyumbani walitaka kuridhika, kwa kuwa kutoka sita hadi mmoja ni mabadiliko makubwa. Daktari hakuridhika: mfululizo mmoja bado ni ugonjwa, kwa hiyo kuanzia siku ya 8 alipewa vidonge 12. Spazimu ya mwisho ilionekana siku ya 10. Siku ya 14 hakukuwa na hata moja, na kipimo cha umeme wa ubongo wakati wa usingizi hakikuonyesha tena hipsaritmia. Dozi ikashushwa: vidonge 8 kwa siku kwa siku 5, vidonge 4 kwa siku 5, vidonge 2 kwa siku 5, kisha ikaachwa.

Ukihesabu, vidonge 56 vilitumika wiki ya kwanza, 84 wiki ya pili na 70 wakati wa kushusha, jumla 210. Asiyehitaji kupandishwa hubaki na vidonge 8 kwa siku 14, kisha 6, 4 na 2, kila kiwango kwa siku 5, jumla 172. Nashauri familia ya mbali iondoke mjini na vidonge vyote 210 mkononi, kwa sababu kuishiwa katikati ni hatari, kama inavyoelezwa kwenye swali la kuacha dawa ghafla.

## Kujua kama dawa imefanya kazi

Spazimu zimepungua sana. Je, hayo ni mafanikio?

Hapana, bado. Katika ugonjwa huu jibu ni moja kati ya mawili: zimekwisha au hazijaisha. Siku ya 14 daktari hutafuta mambo mawili pamoja, yaani spazimu kutoonekana kabisa kwa angalau saa 48, na hipsaritmia kutoweka kwenye kipimo. Zikiisha machoni lakini vurugu ikabaki kwenye kipimo, matibabu hayajafanikiwa, kwa kuwa vurugu hiyo nayo huuzuia ubongo. Baada ya hapo spazimu zinapaswa kuendelea kutokuwepo. Wiki sita tangu kuanza ni alama nzuri ya kuangalia tena.

Tutahakikishaje nyumbani kwamba kweli zimekwisha?

Spazimu zinapotibiwa nusu hubadilika sura. Badala ya kujikunja mwili mzima, mtoto anaweza kutikisa kichwa kidogo, kuinua mabega, au kupandisha macho juu kwa sekunde moja, na mwendo huo ukijirudia kwa vipindi ndio uleule mfululizo. Mzazi anayesubiri kuona mkunjo mkubwa atasema zimekwisha.

Kwa hiyo mtoto aangaliwe kwa dakika 15 hadi 20 kila anapoamka, asubuhi na baada ya usingizi wa mchana, akiwa amelala chali bila kufunikwa. Katika daftari andika tarehe, saa, idadi ya mifululizo na idadi ya vidonge vilivyomezwa. Siku isiyo na spazimu iandikwe sifuri, isiachwe tupu, kwa maana nafasi tupu humfanya daktari asijue kama mliangalia. Bibi au dada anayebaki na mtoto wakati mama yuko shambani afundishwe kwa kuonyeshwa video ya mtoto huyohuyo. Linaloleta shaka lirekodiwe.

Siku ya 14 zimebaki. Tuongeze wiki nyingine?

Kuendelea na dawa ileile baada ya siku 14 za dozi kamili kwa kawaida hakuna faida. Daktari huanza dawa ya pili, mara nyingi vigabatrini, huku prednisoloni ikishushwa kwa utaratibu wake. Kabla ya hapo ahakikishe kwamba dozi ilikuwa kamili, kwa kuhesabu vidonge vilivyobaki.

## Madhara ya prednisoloni

Ni mabadiliko gani ya kawaida, na yapi ni ya hatari?

Karibu kila mtoto atakuwa mwenye hasira, atalala vibaya na atataka kunyonya kila wakati. Uso utajaa na kuwa wa mviringo, na uzito utapanda. Mambo haya huchosha nyumba nzima, lakini huondoka baada ya dawa kuisha, na majirani wanaosema mtoto amenawiri wasiwapumbaze: uvimbe wa dawa si afya.

Hatari ni tatu. Ya kwanza ni maambukizi, na hapa kuna mtego, kwa sababu steroidi inaweza kuficha homa. Mtoto aliyelegea, anayekataa kunyonya au anayepumua haraka apelekwe hospitali siku hiyohiyo na apimwe malaria hata akiwa hana joto. Akikaa karibu na mgonjwa wa surua au tetekuwanga, daktari aambiwe mara moja. Ya pili ni shinikizo la damu, ambalo halionekani kwa macho. Lipimwe angalau mara moja kwa wiki, vizuri zaidi mara mbili. Ya tatu ni sukari kupanda, ambayo hujionyesha kwa mkojo mwingi na kiu. Kinyesi cheusi au matapishi yenye damu nayo hayasubiri kesho.

Chanjo ziendelee?

Chanjo zisizo na vijidudu hai, kama pentavalenti, zinaweza kuendelea, ingawa mwili unaweza kuitikia kidogo. Chanjo hai, yaani matone ya polio, rota na ya surua-rubella inayotolewa miezi 9 na 18, zisubiri. Ziahirishwe kwa muda utakaotajwa na daktari baada ya dozi ya mwisho, usiopungua mwezi 1. Baadhi ya miongozo hutaka miezi 3. Andikisha ahirisho hilo kwenye kadi ya kliniki, ili muuguzi asiitoe kwa kutojua na ili isisahauliwe muda ukifika.

Kwa nini haturuhusiwi kuacha ghafla?

Mwili una tezi juu ya figo zinazotengeneza steroidi yake. Dawa ya dozi kubwa huzilaza. Ikikatwa siku moja, mtoto hubaki hana ya nje wala ya ndani: hulegea, hutapika, sukari hushuka, na anaweza kufa. Tezi zinaweza kubaki zimelala kwa miezi kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Kwa hiyo, kwa mwaka unaofuata, mtoto akipata malaria kali, kuhara sana au upasuaji, sema tangu mlangoni kwamba alitumia steroidi ya dozi kubwa, kwani anaweza kuhitaji sindano ya haidrokotizoni.

## Vigabatrini

Ni lini vigabatrini hutangulizwa?

Kwa mtoto mwenye tiubarasi sklerosisi vigabatrini ndiyo dawa ya kwanza, kwa sababu huwasaidia watoto hao kuliko dawa nyingine yoyote. Hutangulizwa pia pale steroidi inapokuwa hatari, kama kwa mwenye kifua kikuu kisichotibiwa. Kwa wengine, steroidi husimamisha spazimu haraka zaidi: katika utafiti ule wa 2004, siku ya 13 na 14 spazimu zilikuwa zimekwisha kwa asilimia 73 ya waliopewa homoni, yaani prednisoloni au sindano ya homoni, na asilimia 54 ya waliopewa vigabatrini.

Kwetu kuna sababu nyingine ya wazi: prednisoloni iko karibu kila duka la dawa na bei yake ni ndogo, ilhali vigabatrini huwa ya kuagizwa. Usianze vigabatrini bila kujua chupa au pakiti ya mwezi wa pili itatoka wapi, kwa sababu nayo haikatizwi ghafla.

Dozi yake huhesabiwaje?

Hii hukokotolewa kwa kilo. Huanza na miligramu 50 kwa kilo kwa siku, ikigawanywa mara mbili; baada ya saa 24 huwa 100, na spazimu zikiendelea kwa siku 3 zaidi hupandishwa hadi 150. Unga wa miligramu 500 ukiyeyushwa kwenye mililita 10 za maji safi, kila mililita huwa na miligramu 50. Mtoto wetu wa kilo 7 angeanza na mililita 3.5 asubuhi na jioni, kisha 7, na kwa dozi ya juu 10.5, ambayo inahitaji pakiti ya pili. Yeyusha upya kila mara na mwaga kilichobaki. Jibu lake hupimwa kwa kanuni zilezile za siku ya 14.

Ni kweli kwamba inapofusha?

Inaweza kuharibu kingo za uwezo wa kuona, yaani mtoto akaona vizuri mbele lakini vibaya pembeni, na uharibifu huo haurudi. Haiondoi uwezo wote wa kuona. Hatari hukua kadiri dozi na muda vinavyoongezeka, ndiyo maana mara nyingi hutolewa kwa takribani miezi 6 kisha ikapunguzwa taratibu. Daktari wa macho amwone mwanzoni na baadaye, ingawa kwa umri huu kupima pembe za kuona ni kugumu na majibu huwa na mipaka. Mzazi anayeogopa hilo ana haki, lakini alilinganishe na spazimu zinazoendelea, ambazo nazo humwondolea mtoto uwezo wa kutumia anachokiona.

Madhara mengine ni usingizi na kulegea, hasa siku za kupandisha dozi. Mikono ikianza kujinyonganyonga au mtoto akishindwa kumeza, daktari aambiwe, kwani dawa inaweza kubadilisha sehemu za ndani za ubongo kwenye picha, na kwa kawaida hali hiyo hurejea inapopunguzwa.

## Hali zisizo za kawaida

Kwa nini tusitoe dawa zote mbili tangu siku ya kwanza?

Utafiti wa mwaka 2017 wa watoto 377 ulionyesha kwamba asilimia 72 ya waliopewa homoni pamoja na vigabatrini walikaa bila spazimu kati ya siku ya 14 na ya 42, dhidi ya asilimia 57 ya waliopewa homoni pekee. Lakini walipofika miezi 18 maendeleo yao hayakuwa tofauti. Pale vigabatrini inapopatikana bila shida hilo ni chaguo halali. Isipopatikana, mtoto asichelewe kuanza prednisoloni kwa ajili yake.

Zimerudi baada ya dawa kuisha.

Kurudi hutokea kwa idadi si ndogo ya watoto, zaidi katika miezi ya kwanza. Usianze vidonge vilivyobaki kabatini kwa dozi ya kubahatisha. Rekodi video, nenda na daftari, na daktari ataamua kati ya kurudia dozi kamili iliyosaidia mwanzo na kubadili dawa. Zikirudi wakati wa kushusha, piga simu siku hiyohiyo kabla ya kuingia kiwango kinachofuata.

Dawa zote mbili zimeshindwa.

Hapo rufaa kwa daktari wa mfumo wa fahamu wa watoto haikwepeki, kwa ajili ya picha ya ubongo, kutafuta chanzo upya, na jaribio la vitamini B6 ikiwa halijafanyika, kwa kuwa watoto wachache husumbuliwa na upungufu unaotibika kwayo. Chaguo jingine ni mlo maalumu wenye mafuta mengi na wanga kidogo sana, unaosimamiwa na mtaalamu wa lishe na usiojaribiwa nyumbani. Safiri na daftari, video, kadi ya kliniki na pakiti za dawa zote zilizotumika, zikiwa na tarehe za kuanza na kuacha.